Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga taski kwenye FreeRTOS na kuepuka mpinduko wa vipaumbele

Majibu haya yote yanazunguka mfumo mmoja mdogo, ili namba zifuatane. Kuna mikrokontrola moja inayoendesha FreeRTOS, na ndani yake taski tatu. Mtikisiko inasoma kihisi cha mtikisiko kila milisekunde 10. Skrini inachora picha kila milisekunde 100, na uchoraji huo unakula milisekunde 40 za prosesa. Rekodi inaandika baiti 32 kwenye chipu ya kumbukumbu ya EEPROM mara moja kwa sekunde. Kihisi na EEPROM vimefungwa kwenye njia moja ya I2C inayokwenda kwa kHz 100. Skrini haigusi njia hiyo kabisa. Ishike hiyo akilini, maana ndiyo inayoleta balaa.

## Mambo ya msingi

1. FreeRTOS inaamuaje taski ipi ipate prosesa?

Kanuni ni moja: kati ya taski zilizo tayari kufanya kazi, yenye kipaumbele cha juu zaidi ndiyo inayoendeshwa. Kwenye FreeRTOS namba kubwa ndiyo kipaumbele cha juu, na taski ya mapumziko ya mfumo iko kwenye 0. Ikiwa `configUSE_PREEMPTION` ni 1, taski ya juu ikiamka hainyenyekei mtu: inamnyang'anya wa chini prosesa papo hapo, hata kama alikuwa katikati ya mstari wa msimbo. Wa chini ataendelea pale pale alipoachia, wa juu akishalala.

Taski zenye kipaumbele sawa hupokezana kila tiki ya saa ya mfumo, mradi `configUSE_TIME_SLICING` haijazimwa. Zaidi ya hapo hakuna mgawanyo wa haki. Taski ya juu isiyolala kamwe itazinyima prosesa taski zote zilizo chini yake, na kipangaji hakitalalamika.

2. Kipaumbele cha juu nimpe nani? Taski iliyo muhimu zaidi?

Hapana, na hapa ndipo miradi mingi huanza kupinda. Kipaumbele hakipimi umuhimu, kinapima ni nani makataa yake yako karibu. Kwa taski zinazojirudia, kanuni inayofaa kuanza nayo ni kwamba mwenye mzunguko mfupi zaidi anapata kipaumbele cha juu zaidi. Liu na Layland walithibitisha mwaka 1973 kwamba, kwa vipaumbele visivyobadilika na taski zinazojitegemea, hakuna mpangilio unaoushinda huo pale ambapo makataa ya kila taski ni mwisho wa mzunguko wake.

Kwa mfumo wetu: Mtikisiko (ms 10) inapata 3, Skrini (ms 100) inapata 2, Rekodi (ms 1000) inapata 1. Mteja anaweza kukuambia kwamba rekodi ndiyo roho ya kifaa, na akawa sahihi. Bado Rekodi inabaki na 1, kwa sababu ina sekunde nzima ya kumaliza kazi yake.

Angalia hayo maneno "taski zinazojitegemea". Mara tu taski mbili zinapotumia kitu kimoja, hazijitegemei tena, na sehemu iliyobaki ya ukurasa huu inahusu hilo.

3. Je, kweli nahitaji kufuli kwenye njia ya I2C?

Ndiyo. Mazungumzo ya I2C yana mwanzo na mwisho. Rekodi ikiwa imetuma nusu ya baiti zake, kisha Mtikisiko iamke na kuanza mazungumzo mengine kwenye njia hiyo hiyo, utapata moja kati ya mawili: draiva irudishe kosa, au baiti za mmoja ziingie kwa mwingine. Kufuli linahakikisha anayeanza mazungumzo anayamaliza kabla mwingine hajagusa njia.

```c
SemaphoreHandle_t kufuli_i2c;

void andaa(void)
{
    kufuli_i2c = xSemaphoreCreateMutex();
    configASSERT(kufuli_i2c != NULL);

    xTaskCreate(taski_mtikisiko, "Mtikisiko", 256, NULL, 3, NULL);
    xTaskCreate(taski_skrini,    "Skrini",    512, NULL, 2, NULL);
    xTaskCreate(taski_rekodi,    "Rekodi",    256, NULL, 1, NULL);
}
```

Kama unacholinda ni namba mbili tatu tu kwenye kumbukumbu, kufuli ni zito kuliko haja. Tazama swali la 10.

## Mpinduko wenyewe

4. Mpinduko wa vipaumbele ni nini hasa? Si ni kawaida taski ya juu kusubiri kufuli?

Kusubiri kufuli ni kawaida. Ikiwa Rekodi imeshika njia, Mtikisiko haina budi kungoja Rekodi imalize baiti zake. Muda huo unajulikana na una mwisho: ni urefu wa mazungumzo ya Rekodi, basi.

Mpinduko unaotuumiza ni ule ambapo taski ya tatu, isiyohusika na kufuli, inaingia katikati. Skrini iko juu ya Rekodi, kwa hiyo inaweza kuinyang'anya prosesa wakati Rekodi imeshika kufuli. Rekodi ikisimama, kufuli limesimama nalo. Mtikisiko, yenye kipaumbele kuliko wote, sasa inaisubiri Skrini imalize kuchora, ingawa hakuna mahali popote kwenye msimbo palipoandikwa kwamba Mtikisiko inaihitaji Skrini. Ukiongeza taski nyingine za kati, zote zinaingia kwenye foleni hiyo mbele ya Mtikisiko. Urefu wa kusubiri haupimwi tena na kufuli, unapimwa na kazi za watu wengine.

5. Nionyeshe kwa namba.

Tuanze na muda wa njia. Kwa kHz 100, biti moja inachukua mikrosekunde 10, na kila baiti ya I2C ina biti 9 (nane za data na moja ya kukiri), yaani mikrosekunde 90. Rekodi inatuma baiti 35: moja ya anwani ya chipu, mbili za anwani ya ndani, na 32 za data. Hiyo ni ms 3.15. Mtikisiko inatumia baiti 9 kusoma mihimili mitatu, karibu ms 0.81, ukiongeza hesabu zake ndogo, tuiite ms 1.

Draiva yetu ni ile rahisi, inayosubiri kila baiti kwa kuzunguka ikiuliza kama imekwisha. Chukulia kwamba badala ya kufuli halisi tumetumia semafori ya binari, ambayo haijui chochote kuhusu vipaumbele. Sasa tazama saa:

Kwenye ms 0, Rekodi inachukua semafori na kuanza kuandika. Kwenye ms 1, Skrini inaamka na kuinyang'anya prosesa; Rekodi imebakiza ms 2.15. Kwenye ms 2, Mtikisiko inaamka, inaomba semafori, inaikosa, inalala. Prosesa inarudi kwa nani? Si kwa Rekodi. Inarudi kwa Skrini, ambayo ndiyo ya juu kati ya walio tayari. Skrini imebakiza ms 39 za kuchora na inazimaliza zote, mpaka ms 41. Hapo ndipo Rekodi inapata nafasi, inamaliza baiti zake kwenye ms 43.15 na kuachia. Mtikisiko inaingia baada ya kusubiri zaidi ya ms 41, kwa kazi yenye makataa ya ms 10.

Wakati huo zamu zake za ms 12, 22, 32 na 42 zimeshapita. Ukitumia `xTaskDelayUntil()`, jambo la ajabu litaonekana kwenye data: kwa sababu muda wa kuamka umeshapita, kila mwito unarudi bila kulala. Taski inasoma mara tano mfululizo, kwa tofauti ya ms 1 hivi, kisha inarudi kwenye mwendo wake. Kwenye grafu utaona pengo, halafu nukta tano zilizobanana. Ukikuta umbo hilo, usiharakishe kukilaumu kihisi.

Jambo hili halitokei kila sekunde. Linahitaji Skrini iamke ndani ya zile ms 3.15 ambazo Rekodi imeshika njia, na Mtikisiko nayo iamke kabla Rekodi haijaachia. Ndiyo maana kifaa kinaweza kupita majaribio ya mezani na kuharibika kikiwa kazini.

6. Hili limewahi kutokea kweli, au ni la vitabuni?

Limetokea kwenye sayari ya Mirihi. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua tarehe 4 Julai 1997, na baada ya kuanza kukusanya data za hali ya hewa kikawa kinajiwasha upya chenyewe. Kilikuwa kikiendesha VxWorks. Taski ya chini ya hali ya hewa ilishika kufuli, taski ya juu iliyosambaza data kwenye njia ya mawasiliano ya ndani ikalisubiri, na taski za kati zikaendelea na shughuli zao. Taski nyingine ya juu ilipoona kwamba mzunguko haujakamilika, ikachukulia kuna hitilafu kubwa na kuanzisha upya mfumo.

Wahandisi walilizalisha tatizo kwenye mfano wa chombo uliobaki duniani, wakiwa wamewasha ufuatiliaji wa taski. Dawa ilikuwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli lile. Uwezo ulikuwemo ndani ya VxWorks, ila ulikuwa umezimwa.

Kwangu mimi, la kujifunza zaidi ni mahali kufuli lilipokuwa. Waandishi wa taski ya hali ya hewa hawakuliandika wao. Lilikuwa ndani ya huduma ya mfumo waliyoiita. Makufuli yaliyojificha yapo kwenye miradi yako pia: kwenye `printf`, kwenye maktaba ya faili, kwenye ugawaji wa kumbukumbu. Orodhesha yale unayoyaita kutoka kwenye taski ya juu kabla hujasema kwamba haishiriki chochote na mtu.

## Dawa

7. Urithi wa kipaumbele unafanyaje kazi?

Taski ya juu inapozuiwa na kufuli, FreeRTOS inamtazama aliyelishika. Kama kipaumbele chake ni cha chini, inampandisha mpaka kiwango cha anayesubiri. Akiachia kufuli, anarudishwa kwenye kipaumbele chake cha asili.

Rudia saa ya swali la 5 ukiwa na kufuli halisi. Mpaka ms 2 hakuna kilichobadilika: Rekodi imeshika, Skrini inachora, Mtikisiko inaamka na kuomba. Ila sasa, kwa ombi lile, Rekodi inapanda kutoka 1 hadi 3. Iko juu ya Skrini, kwa hiyo prosesa inakwenda kwake. Inamaliza ms 2.15 zilizobaki, inaachia kwenye ms 4.15, inashuka, na Mtikisiko inaingia mara moja. Imesubiri ms 2.15 na inamaliza kwenye ms 5.15, mbali na makataa yake ya ms 12. Skrini inaendelea kuchora baada ya hapo.

Skrini imelipa gharama ndogo: imesubiri taski ambayo kwa kawaida iko chini yake. Hilo ni sahihi, ila lazima liingie kwenye hesabu (swali la 9).

8. Nimetumia semafori ya binari na inafanya kazi. Kwa nini nibadilishe?

Kwa sababu inafanya kazi mpaka siku Skrini itakapoamka kwa wakati mbaya. Semafori ya binari kwenye FreeRTOS haina mwenyewe. Taski yoyote, au hata katizo, inaweza kuiachia, kwa hiyo mfumo haujui nani wa kumpandisha. Kufuli lina mwenyewe: taski iliyolichukua ndiyo inayopaswa kuliachia.

```c
/* Haina urithi: ni ya kutoa ishara */
ishara = xSemaphoreCreateBinary();

/* Lina urithi: ni la kulinda kitu */
kufuli_i2c = xSemaphoreCreateMutex();
```

Kwa kuwa vyote viwili huchukuliwa kwa `xSemaphoreTake()` na kuachiwa kwa `xSemaphoreGive()`, kosa halionekani unaposoma msimbo wa taski. Linaonekana kwenye mstari mmoja tu, ule wa kuunda. Nenda ukautazame sasa hivi kwenye mradi wako. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kuchunguza, kabla ya kingine chochote. Unapobadilisha, kumbuka kuhakikisha `configUSE_MUTEXES` ni 1, na uondoe ule `xSemaphoreGive()` wa mwanzo: semafori ya binari huzaliwa ikiwa tupu, kufuli huzaliwa likiwa wazi.

9. Nitajuaje muda mrefu zaidi ambao kila taski inaweza kuchukua?

Kuna fomula ambayo unaweza kuikokotoa kwa kalamu:

```
R = C + B + jumla ya [ ceil(R / Tj) * Cj ]
```

`R` ni muda wa kumaliza katika hali mbaya zaidi, `C` ni kazi ya taski yenyewe, `B` ni muda wa kuzuiwa na taski ya chini, na ile jumla ni ya taski zote zilizo juu, kila moja na mzunguko wake `Tj`. Kwa sababu `R` iko pande zote mbili, unaanza na makisio na kurudia mpaka isibadilike.

Mtikisiko haina aliye juu yake: 1 + 3.15 = ms 4.15, na makataa ni 10. Inatosha.

Skrini ina `C` ya 40, na `B` ya 3.15 ingawa haigusi I2C, kwa sababu Rekodi iliyopandishwa inaweza kuizuia. Hiyo ni 43.15. Ndani ya muda huo Mtikisiko inaamka mara 5, tunapata 48.15, rudia, bado ni mara 5. Kwa hiyo ms 48.15, na makataa ni 100.

Bila urithi, `B` ya Mtikisiko ingebeba ms 40 zote za Skrini pia, na siku utakapoongeza taski nyingine ya kati ingekua tena bila wewe kugusa msimbo wa Mtikisiko.

Angalizo: fomula haijahesabu muda wa kubadilishana zamu wala makatizo. Acha nafasi.

10. Kwa nini nisizime tu makatizo nikiwa kwenye I2C? Si ni rahisi zaidi?

Kwa ms 3.15, usifanye hivyo. Ukitumia `taskENTER_CRITICAL()` kwa muda huo na tiki yako ni ya kila ms 1, katizo la saa litasubiri likiwa limekumbukwa mara moja tu, na tiki za katikati zitapotea. Saa ya mfumo itachelewa kila sekunde, na kila kipima muda kitachelewa nayo.

`vTaskSuspendAll()` ni afadhali, kwa kuwa makatizo yanaendelea na tiki zinawekwa akiba. Lakini inamzuia kila mtu, hata taski ambayo haina habari na I2C, na ndani yake huruhusiwi kuita chochote kinacholala.

Njia hizi zina mahali pake. Kunakili muundo mdogo wa namba chache, kuongeza kaunta: hapo sehemu fupi yenye makatizo yaliyozimwa ni nyepesi kuliko kufuli, na mpinduko hauna nafasi ya kutokea. Kigezo changu ni rahisi. Kama kazi inahesabika kwa maagizo machache ya prosesa, zima makatizo. Kama inasubiri kifaa cha nje, tumia kufuli.

11. Nipunguzeje muda wa kushika kufuli?

Urithi unaondoa muda wa Skrini, hauondoi ms 3.15 za Rekodi. Hizo ni zako kuzipunguza.

Anza na kosa la kawaida kwenye EEPROM. Baada ya kupokea baiti, chipu ya aina hii huandika ndani kwa ndani, na kwa nyingi muda huo unafikia ms 5. Njia ya I2C haina kazi wakati huo. Draiva nyingi za mfano hungoja hapo hapo, kufuli likiwa mkononi, na `B` inaruka kutoka 3.15 hadi zaidi ya 8. Ukiongeza ms 1 ya Mtikisiko uko kwenye 9.15, ukiyakaribia makataa ya 10. Achia kwanza, kisha lala:

```c
xSemaphoreTake(kufuli_i2c, portMAX_DELAY);
eeprom_tuma(anwani, data, 32);
xSemaphoreGive(kufuli_i2c);

vTaskDelay(pdMS_TO_TICKS(6));   /* chipu inaandika ndani */
```

Nimeweka 6 badala ya 5 kwa sababu tiki ya kwanza inaweza kuwa imebakiza kidogo tu ilipoanza kuhesabiwa.

Hatua ya pili ni kugawa maandishi. Baiti 16 kwa mara moja zinachukua baiti 19 za njia, yaani ms 1.71. Unalipa kwa jumla ya muda zaidi, lakini Rekodi ina sekunde nzima. Hatua ya tatu, kama vifaa vyote kwenye njia vinaruhusu, ni kHz 400: baiti 35 zinashuka hadi karibu ms 0.79.

12. Je, si bora taski moja imiliki I2C na wengine wamtumie maombi kwa foleni?

Ni mpangilio mzuri, hasa kama taski nyingi zinatumia njia hiyo, na kufuli linatoweka kabisa. Lakini tatizo halitoweki nalo, linahama. Ukiipa taski mmiliki kipaumbele cha chini, Skrini itaizuia wakati ombi la Mtikisiko liko kwenye foleni, na foleni haina urithi. Mmiliki awe na kipaumbele kisichopungua cha mteja wake wa juu kabisa. Pia foleni ya kawaida huhudumia kwa mpangilio wa kufika, kwa hiyo maombi matatu ya Rekodi yaliyotangulia yatamkalisha Mtikisiko nyuma yao. Kwa taski mbili tu kama zetu, mimi ningebaki na kufuli.

## Kugundua tatizo

13. Nitajuaje kama kifaa changu kina mpinduko?

Dalili ya kwanza ni kucheleweshwa kunakofuata kazi isiyohusika. Usomaji wa kihisi unakatika pale tu skrini inapochorwa upya; ukizima uchoraji, tatizo linaisha. Watu wengi hapo humalizia kwa kusema "prosesa imezidiwa." Kagua hesabu: Mtikisiko inatumia asilimia 10 ya prosesa, Skrini 40, Rekodi chini ya 1. Nusu ya prosesa haina kazi. Makataa yanayokosekana huku nusu ya prosesa ikiwa huru ni ishara nzito.

Kuthibitisha, pima muda wa kusubiri kufuli peke yake, si muda wa taski nzima. Kwenye Cortex-M3 na kuendelea, mara nyingi kuna kaunta ya mizunguko unayoweza kuisoma:

```c
uint32_t mwanzo = DWT->CYCCNT;
xSemaphoreTake(kufuli_i2c, portMAX_DELAY);
uint32_t muda = DWT->CYCCNT - mwanzo;
if (muda > muda_mrefu) muda_mrefu = muda;
```

Iwashe kaunta hiyo kwanza mwanzoni mwa programu. Acha kifaa kiende kwa saa kadhaa, kisha geuza mizunguko ya `muda_mrefu` kuwa milisekunde na uilinganishe na `B` uliyokokotoa. Ikikaribia ms 3.15, mfumo uko sawa. Ikifika makumi ya milisekunde, kuna mtu wa kati.

Kumjua ni nani, tumia pini za kawaida: kila taski iinue pini yake inapoanza kazi na kuishusha inapomaliza, na pini ya nne iwe juu muda wote kufuli limeshikwa. Zitazame kwenye oskiloskopu, ukiisubiri pini ya kufuli ikae juu kwa zaidi ya ms 5. Pini ya taski yoyote ya kati itakayopanda ndani ya muda huo ndiyo mshukiwa.

## Hali za pembezoni

14. Naweza kuchukua kufuli ndani ya katizo?

Hapana. Katizo si taski, haliwezi kulala kusubiri, na halina kipaumbele cha taski cha kurithisha. Acha katizo litoe ishara kwa semafori ya binari kupitia `xSemaphoreGiveFromISR()`, na taski itakayoamka ndiyo ichukue kufuli. Hii ndiyo kazi halali ya semafori ya binari.

15. Draiva yangu inatumia DMA, na taski inalala wakati baiti zinakwenda. Urithi unasaidia chochote?

Unasaidia, kwa namna tofauti. Baiti zikiwa njiani hakuna wa kuziharakisha. Skrini inaweza kuchora muda huo na hakuna hasara. Faida inakuja katizo la kumaliza likipiga: Rekodi inaamka ikiwa na kipaumbele 3, inaikata Skrini na kuachia kufuli bila kuchelewa. Bila urithi ingeamka na kukaa nyuma ya Skrini ikiwa imeshika kufuli la njia iliyo tupu.

Hatari ni pale anayeshika kufuli anaposubiri *taski nyingine*. Tuseme Rekodi, kufuli likiwa mkononi, inangoja ishara kutoka kwa taski ya chini zaidi. Mtikisiko ikija itaipandisha Rekodi, lakini Rekodi imelala. Aliye na kazi hajapandishwa. Kwa hiyo ndani ya kufuli usisubiri chochote kinachotoka kwa taski.

16. Nina makufuli mawili, moja la I2C na moja la faili. Kuna la kuangalia?

Mambo matatu. Kwanza, urithi hauzuii mkwamo: taski moja ikichukua I2C kisha faili, na nyingine faili kisha I2C, siku moja zitangojeana milele. Weka mpangilio mmoja wa kuchukua na uufuate kila mahali.

Pili, kwenye FreeRTOS taski iliyopandishwa ikiwa na makufuli mawili hairudi chini mpaka iachie yote mawili. Ukiachia I2C na kuendelea na faili kwa ms 30, utakuwa bado kwenye kipaumbele cha 3 na unawazuia wengine bila sababu.

Tatu, urithi wa FreeRTOS hauendi kwa mnyororo. Mtikisiko inaisubiri taski fulani, na taski hiyo inaisubiri Rekodi kwenye kufuli jingine: anayepandishwa ni wa katikati tu. Ukiweza, kila taski ishike kufuli moja kwa wakati.

17. Niweke muda wa kikomo kwenye `xSemaphoreTake()`?

Kwa taski ya juu, ndiyo, na ukague jibu. Kusoma kihisi bila kufuli kwa sababu muda umeisha ni kurudi kwenye tatizo la swali la 3. Ruka usomaji huo na uuhesabu kama kosa. Kikomo cha ms 5 kinafaa kwetu, kwa kuwa `B` ni 3.15.

Jihadhari na tiki. Kama `configTICK_RATE_HZ` ni 100, `pdMS_TO_TICKS(5)` inakuwa 0, na taski haitasubiri kabisa: itashindwa kila inapokuta kufuli limeshikwa. Urithi nao hautapata nafasi ya kufanya kazi, kwa kuwa hakuna anayesubiri.

18. Situmii FreeRTOS. Haya yananihusu?

Mantiki ni ile ile, majina na alama ndivyo vinavyobadilika. Kwenye Zephyr namba *ndogo* ndiyo kipaumbele cha juu. `k_mutex` ina urithi, `k_sem` haina. Kwenye CMSIS-RTOS2 urithi hauji wenyewe, lazima uweke `osMutexPrioInherit` kwenye sifa unapounda kufuli. Kwenye ThreadX unachagua kati ya `TX_INHERIT` na `TX_NO_INHERIT`. Kwenye VxWorks alama ni `SEM_INVERSION_SAFE`, ikienda pamoja na `SEM_Q_PRIORITY`. Ukihamisha msimbo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, anza na mistari inayounda makufuli, kisha upime tena kama ilivyo kwenye swali la 13.